STAA AMWANIKA MAMA MWENYE NYUMBA INSTA, ILA YA UANI KWAKE KANYAMAZA!

Mjini kuna watu wana mambo jamani! Wiki hii dada mmoja mwenye jina lake, anayekaa nyumba ya kupanga Sinza, kaweka kwenye stori yake ujumbe wa mama mwenye nyumba na kumpaka mpaka basi. Eti kalipa kodi ya miezi sita, bado anapangiwa pa kuanika nguo zake. Mashabiki wakacheka, mama wa watu akaitwa mnoko na mchawi.

Ujumbe wenyewe ulisema nini? Wanangu, msizibe geti na magari, taka zifungwe kwenye viroba, nguo zikikauka zianuliwe. Basi. Hakuna tusi hapo.

Ambacho dada hakukiposti ni hiki. Nyumba ina familia sita na uwanja wa kupaki magari mawili. Yeye anarudi saa kumi alfajiri kutoka kwenye shoo, anaacha gari katikati ya geti, anazima simu analala. Jumanne vijana wa guta la taka wanafika saa moja asubuhi, wanagonga, guta halipiti, wanaondoka. Hawawezi kusubiri, wana mtaa mzima. Taka za wiki zinabaki wiki nyingine, na joto la Dar mnalijua. Utumbo wa samaki uko kwenye kifuko kisichofungwa, paka wanapasua usiku, maji meusi yanachuruzika mpaka chini ya kamba za nguo. Mama wa chumba cha nyuma ana kichanga. Anafua nepi asubuhi, jioni anazianua zinanuka na nzi wamejaa. Anafua tena, kwa maji ya kununua ndoo. Huyo hana wafuasi, nani amuulize?

Na kamba zenyewe ni mbili tu. Dada akianika magauni yake Ijumaa, Jumatatu bado yananing'inia, yalishakauka kitambo. Ukimsogezea, ugomvi.

Mama naye asiachwe hivi hivi. Kapokea kodi za wapangaji wanne wenye magari akijua uwanja unaingiza mawili. Hapo ugomvi kautafuta mwenyewe. Afunge kamba nyingine ukuta wa nyuma kunakopiga jua, agawe siku za kufua, na kwenye mkataba iandikwe kabisa nani anapaki ndani na nani anaacha nje. Sheria ya kutuma kwenye grupu la wasapu mtu anaipita kama haoni.

Ila hilo halimfanyi dada awe kaonewa. Kodi yake ni ya vyumba vyake, geti ni la wote sita. Jumanne hii guta limegeuza tena, mara ya tatu sasa, na viroba vimeshafika dirishani kwa yule mwenye kichanga.