Mifuko saba ya simiti kwenye kila mita ya slabu

Mwombe anayesanifu ghorofa ya vyumba vya wanafunzi Kakamega, tuseme kule Lurambi karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, aipime hesabu yake kwa makadirio ya kichwa. Hakosi jibu.

“Kikokotoo hakidanganyi.” Kweli, lakini hakijui ulichokipa ni kilo au nyutoni. Slabu ya milimita 150, kwa zege la kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, ina kilo 360 kwenye kila mita ya mraba, yaani takriban kilonyutoni 3.6. Mwenye haraka hugawanya 360 kwa 1,000, akaandika kilonyutoni 0.36. Sasa mfuko wa simiti wa kilo 50 ni nusu kilonyutoni. Kwa hiyo karatasi yake inadai kwamba mita nzima ya slabu ni nyepesi kuliko mfuko mmoja, ilhali uzito wake ni wa mifuko saba. Kibarua yeyote wa mjengo angemcheka.

“Kosa la mara kumi litajionyesha lenyewe mwishoni.” Hapa ndipo wengi hunaswa. Ongeza sakafu, plasta na kuta za kugawa vyumba, kilonyutoni 2.2, kisha watu na vitanda vyao, 1.5. Zidisha mizigo ya kudumu kwa 1.4 na ya watu kwa 1.6, kama BS 8110 ilivyotaka. Hesabu sahihi inatoa kama 10.5, yenye kosa inatoa 6. Kosa la mara kumi limezama ndani ya jumla, na pengo lililobaki halifiki hata maradufu. Namba 6 haimshtui mtu. Ndiyo maana kila mzigo hupimwa peke yake kabla ya kujumlishwa.

“Vizidishi vya usalama vitafidia.” Jumlisha mizigo yenyewe bila kizidishi chochote: 3.6, 2.2 na 1.5 ni 7.3. Slabu imesanifiwa kwa 6. Siku vyumba vitakapojaa, mzigo wa kawaida tu utakuwa umeshapita ule wa usanifu, na hapo hatujamtaja fundi aliyezidisha maji kwenye zege.

“Makadirio ni ya wakongwe.” Si lazima. Shika kwamba sakafu ya makazi hukaribia kilonyutoni 10 kwa mita ya mraba baada ya vizidishi. Nguzo inayobeba mita 20 za mraba kwa sakafu nne itapata kama 800. Karatasi ikisema 80 au 8,000, nukta imehama.

Lawama moja naikubali: njia hii hainasi kosa la asilimia 20. Hilo linahitaji mhandisi wa pili aanze upya kwenye karatasi tupu.

Basi ukiletewa hesabu ya ghorofa, anzia mstari wa uzito wa slabu. Ukikuta chini ya 3 kwa slabu ya milimita 150, irudishe bila kusoma zaidi.