Staa Alimtukana Mama wa Msasani, Kisha Akatuma Laki Tatu na Nusu kwa Tapeli

Kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, ambaye aliamua kukimbia joto la Dar na kwenda kusherehekea siku yake ya kuzaliwa Tukuyu. Akaona Airbnb nyumba ya vyumba viwili iliyoko Msasani. Msasani ya Tukuyu jamani, wilayani Rungwe, si ile ya ufukweni anayopita kila wikiendi. Ramani ikamwonyesha duara tu, hakuna alama ya nyumba yenyewe. Akamwandikia mwenye nyumba: "Nitumie lokesheni kamili nimtume mtu aje aione kwanza." Akajibiwa kwa upole kwamba anwani hutoka baada ya kubuku. Dada akawaka. Akapiga picha ya mazungumzo yale, akayaweka hadharani na maneno kwamba yeyote anayeficha anwani ni tapeli.

Mashabiki wakashangilia wee. Lakini staa alikosea, na aliyetukanwa alikuwa mama mstaafu wa watu ambaye hana kosa lolote.

Fikiria tangazo la nyumba lina nini. Lina picha za sebule na televisheni yake, madirisha, mlango na kitasa chake. Lina na kalenda inayoonyesha usiku gani nyumba ina mgeni na usiku gani haina. Yaani mtu yeyote, popote alipo, anaweza kujua kwamba Jumatatu hadi Alhamisi hakuna anayelala pale. Sasa ongeza anwani kamili hapo. Umeshamwandikia mwizi ratiba ya kazi, umembakizia kununua nyundo tu. Tena wageni wenyewe wanalindwa: huyu staa angependa kweli kila mtu ajue dirisha la chumba atakacholala?

Kampuni nayo haifichi kwa huruma peke yake, tusidanganyane. Inaishi kwa kukata asilimia yake, ndiyo maana kabla ya kubuku hata namba za simu mkitumiana zinazuiwa. Wakijuana mapema, mgeni na mwenye nyumba watamalizana pembeni. Hiyo ni biashara.

Ila kuna jambo moja linalofanya ufichaji huo uvumilike: pesa haiendi kwa mwenye nyumba siku unayolipa. Inakaa kwa kampuni, na kwa kawaida hutolewa kama saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia. Ukifika ukakuta banda la kuku badala ya nyumba, pesa bado haijafika mkononi mwa mtu. Una saa 72 tangu ugundue tatizo kuliripoti, na picha unapiga. Kwa hiyo anwani imefichwa, lakini na pesa imezuiwa. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Ukikuta kimoja bila kingine, kimbia.

Na hapo ndipo staa alipoteleza. Baada ya kumtukana mama wa watu, akaibukiwa na ukurasa wa Instagram wenye "kotegi" Msasani hiyo hiyo ya Tukuyu, bei nusu. Akaambiwa atume advansi ya shilingi 350,000 kwa namba ya simu, "lokesheni utapewa ukishalipa". Maneno yale yale aliyoyaita utapeli juzi! Safari hii akakubali, eti kwa sababu kaka wa ukurasa alikuwa mchangamfu na alimwita malkia.

Angeweza kuwatofautisha wawili hawa bila anwani ya yeyote. Angeanza na picha. Ile ya kwanza kabisa kwenye ukurasa ilionyesha jua likichomoza nyuma ya mlima, maelezo yakisema ni Mlima Rungwe ukiutazama kutoka barazani. Sasa mtu yeyote wa Tukuyu anajua Rungwe uko kaskazini ya mji. Jua halijawahi kutokea kaskazini, si Juni si Desemba. Mlima ulioko upande wa mashariki ni Kyejo. Ama picha si ya pale, ama aliyeandika hajawahi kusimama kwenye baraza lile. Kisha angeiweka picha hiyo kwenye Google Lens, dakika moja tu, aone kama imezagaa kwenye matangazo ya nchi nyingine.

Halafu maswali. Usiulize "nyumba iko wapi", maana mwenye nyumba mkweli na tapeli watakunyima jibu hilo sawasawa. Uliza yale ambayo mtu wa pale tu ndiye anayeyajua. Kutoka barabara kuu ya kwenda Kyela mpaka mlangoni ni mwendo gani? Mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua si habari, gari dogo linafika au unamalizia kwa bodaboda? Bafu lina maji ya moto, na umeme ukikatika yanachemshwa na nini? Mama mstaafu alikuwa ameyajibu yote hayo kwenye tangazo lake bila kuulizwa, hadi kuonya kwamba mita za mwisho ni tope na aje na viatu vya maana. Kaka wa ukurasa alijibu "kila kitu kipo dear".

Kipimo kingine ni video ya moja kwa moja, siyo iliyorekodiwa. Mwambie mwenye nyumba asimame ndani, afungue bomba la jikoni, kisha atoke nje alenge simu mlimani. Mtaa hautauona, siri yake inabaki, ila utajua funguo anazo. Na kama una ndugu Tukuyu, asiombewe anwani. Aombewe kukutana na mwenyeji stendi mchana kweupe, wakiongozana kwenda. Mwenye nyumba halisi anaweza kukataa, ni haki yake, lakini atakupa njia nyingine. Tapeli atakupa haraka: "kuna mtu mwingine anailipia sasa hivi".

Kwa wanaotumia Airbnb kuna njia safi kuliko zote, na staa alikuwa nayo mkononi. Unasoma masharti ya kuahirisha kabla ya kubuku. Yakiwa ya aina inayoitwa Moderate, ukiahirisha siku tano au zaidi kabla ya kuingia unarudishiwa pesa yako yote. Basi unabuku wiki tatu kabla. Anwani ikitoka mapema, una nafasi ya kukagua. Unaitazama kwenye picha za satelaiti, unamtuma binamu apite nje, unalinganisha paa na ua. Hailingani? Unaahirisha mapema. Ndivyo unavyokagua nyumba bila kumlazimisha mtu aianike kwa dunia nzima. Maoni ya wageni waliotangulia nayo yasomwe, hasa ya wale wanaolalamika vitu vidogo vidogo. Sifa tupu hazina kazi.

Na kama lazima pesa iende kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini. Staa aliliona jina la kike wakati aliyekuwa akichati naye ni "kaka". Akabonyeza.

Binamu wa Tukuyu alikaa stendi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Namba ikawa haipatikani, ukurasa ukafutwa, na malkia akalala gesti ya mjini kwa baridi ile akiwa na koti la kuazima. Ujumbe wa tapeli ulitumwa 15040 siku ya pili yake, baada ya kukumbushwa na mhudumu wa gesti. Nyumba ya yule mama ilikuwa tupu wikiendi hiyo yote, na ile posti ya matusi mpaka leo haijafutwa.