Ndiyo Yetu Haifungwi kwa Karatasi ya Zawadi

Kuna kosa moja ambalo sisi wachungaji hatulihubiri, kwa sababu linakuja limefungwa kwa karatasi ya nyota na utepe mwekundu. Ni zawadi inayotumwa ili mtumaji asifike. Tunaipinga, na tunaanza kwa kujishitaki wenyewe, maana tuliifanya miaka sita mfululizo.

Tulisimama kuwa wadhamini wa mtoto mmoja aliyebatizwa Moshi. Tuliulizwa mbele ya usharika kama tutasaidia kumlea katika imani, tukajibu ndiyo, kwa sauti ya kusikika. Kisha tukarudi Arusha, mwendo wa kilometa 80 hivi, na kila siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia tulimkabidhi kondakta wa Kosta kifurushi. Mwaka huu gari la betri, mwaka ule roboti, mwaka unaofuata gari tena. Alipotimiza miaka sita tulipita kwao kwa shughuli nyingine, naye akajificha nyuma ya mama yake. Mama akamhimiza, "Mwamkie Baba Mchungaji, ndiye anayekuletea magari." Mtoto akatutazama, akasema, "Magari analeta kondakta."

Hakuwa na utovu wa adabu. Alisema alichokiona.

Mama akatuonyesha mahali zawadi zetu zilipoishia: beseni la kufulia limejaa, na boksi la televisheni limejaa pia. Hazikuwa zetu peke yetu. Shangazi, wajomba na majirani nao walikuwa wamepita kwenye maduka yale yale. Tulihesabu magari 23, na yaliyokuwa yakitembea ni 9. Mwenyewe alikuwa uani, akiendesha kifuniko cha ndoo kwa fimbo.

Wako wanaodhani kwamba wingi wa vitu humpa mtoto wingi wa michezo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha utafiti mdogo juu ya watoto 36 waliokuwa hawajafika miaka mitatu. Kila mtoto alicheza mara moja akiwa na vitu 4, na mara nyingine akiwa na vitu 16. Penye vitu vichache walikaa muda mrefu zaidi na kila kimoja, na walibuni njia nyingi zaidi za kukitumia. Ni utafiti mmoja, wa watoto wadogo sana. Lakini mama yeyote mwenye beseni kama lile hatashangaa.

Basi kwa nini tunaendelea kununua? Tuseme ukweli. Wengi wetu tulikua tukisuka magari ya waya na kufunga mpira wa makaratasi, na tuliapa kwamba watoto wetu hawatapitia hayo. Hiyo ni sababu ya upendo. Sababu ya pili haina upendo: kitu cha dukani kinatuachia Jumamosi yetu. Tunalipa fedha ili tusilipe saa. Mtoto hupokea malipo hayo, lakini deni tuliloahidi kwenye birika la ubatizo linabaki vile vile.

Maandiko hayakatai vitu. Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo mwaka hata mwaka. Ila angalieni namna ilivyofika: aliipeleka mwenyewe, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu ya mwaka. Kanzu ile ilikuja na mama ndani ya ziara. Na Yesu, alipokuwa na miaka kumi na miwili, wazazi wake walimpa nini tunachokijua? Safari ya kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu. Luther naye, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kazi hiyo haiwezi kukabidhiwa kondakta.

Alipokaribia miaka saba tulibadilisha. Kwanza tuliongea na wazazi, kwa sababu zawadi ya muda huingilia ratiba ya nyumba yao. Kisha tukamwandikia mtoto barua fupi yenye mchoro wa mti wa kahawa na tarehe moja, siku tisa mbele. Mtoto mdogo anahitaji kitu cha kushika mkononi, na tarehe ya mbali kwake ni sawa na kamwe. Neno "siku moja tutakwenda" si zawadi.

Ilikuwa Septemba, msimu wa kuchuma. Tulikwenda naye kwenye kihamba cha bibi yake. Alichuma buni nyekundu tu, akaziacha za kijani, akazungusha mkono wa mashine ya kumenyea, akaona mbegu zikitoka zinateleza. Bibi alimweleza kwamba zitalala kwanza, zioshwe, ndipo zianikwe kwenye kichanja. Jioni alimsaidia bibi kuponda ndizi za mtori, na kabla ya kula bibi akamwachia yeye aombe. Nauli na nyama viligharimu pungufu ya gari la betri. Simu zetu zilibaki kwenye mkoba.

Tunawaonya pia, maana zawadi hii huharibika kwa njia yake. Tuliahidi siku ya pili, ili akazione buni zake zilizokauka. Ikaitishwa mikutano, tukampigia mama saa nne asubuhi kwamba hatutafika. Baadaye tulisikia kwamba mtoto alikuwa amekaa mlangoni amevaa viatu tangu saa moja, na alikataa kuvivua hadi mchana. Gari likiharibika, mtoto hulitupa kwenye beseni. Ahadi ikivunjika, hajui pa kuitupa. Tulimpigia yeye mwenyewe, tukaomba msamaha bila kusingizia kazi ya Bwana, tukataja Jumamosi iliyofuata, na tukafika. Tangu hapo hatuahidi siku ambayo hatujaifunga kwenye shajara kama tunavyoifunga ibada ya maziko.

Kosa lingine ni kuigeuza siku hiyo kuwa duka jingine: bembea za kulipia, chipsi, soda, picha hamsini za kurusha kwa marafiki. Hapo mtoto amekuwa mapambo ya safari yetu. Dalili ni rahisi: baada ya wiki mwulize anakumbuka nini. Akitaja alichonunuliwa, tumerudi kwenye beseni. Wetu alikumbuka kwamba mikono ilinata.

Wako watakaosema tunawasema vibaya maskini wanaojinyima kumnunulia mtoto mpira. Hapana. Mtoto asiye na mpira anunuliwe mpira, na anayehitaji viatu vya shule apewe viatu. Tunasema juu ya beseni lililojaa. Wengine watasema wako mbali, Mwanza au ng'ambo, na hawana likizo. Basi wapige simu kila Jumapili jioni, dakika kumi, wamwite mtoto kwa jina, wamsomee habari moja ya Biblia, waulize wiki ilikwendaje. Mtoto ataijua sauti yao.

Krismasi inakuja, na karatasi za nyota zimeshatundikwa madukani. Kabla ya kununua, wadhamini wenzetu, tujiulize kama mtoto yule akituona mlangoni atatukimbilia au atajificha. Wetu, mara ya mwisho tulipofika, alikuwa barabarani akitusubiri kituoni na mama yake. Hakuuliza tumeleta nini. Aliuliza tutalala siku ngapi.