Hesabu Kabla ya Kitabu, Kitabu Kabla ya Benki

Ndugu wenye maduka wa Kisii na Nyamira, shauri langu ni hili: ile karatasi mliyoibandika nyuma ya kaunta, isemayo "Jioni muuzaji ahesabu pesa, aandike kitabuni, kesho apeleke benki," ibandueni leo. Inamwambia muuzaji mambo matatu kwa pumzi moja, wala haisemi lipi limalizike ndipo lingine lianze, wala nani athibitishe kwamba limemalizika. Shilingi ikipotea chini ya agizo la namna hiyo, hakuna awezaye kuonyesha ilipotea hatua gani.

Chukueni mfano wa duka la jumla pale Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti zetu mbili, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik. Ni siku ya soko. Asubuhi muuzaji amekabidhiwa shilingi 5,000 za chenji. Kufikia jioni risiti zinaonyesha mauzo ya 86,400. Kati ya hizo 38,150 zimelipwa kwa namba ya tili ya Lipa na M-Pesa, na 48,250 zimelipwa taslimu. Basi droo ilitakiwa kuwa na 53,250. Inapofunguliwa, zimo 46,100. Zimepungua 7,150.

Hapo ndipo kukumbuka kunaanza. Muuzaji anakumbuka kwamba vijana wa mkokoteni walilipwa 1,200. Anakumbuka pia kwamba mama mwenye duka alipita mchana akachukua 3,000 za karo. Zinabaki 2,950 zisizo na maelezo, na muuzaji anasema labda ni yule mteja aliyechukua unga kwa deni. Kesho yake zinapelekwa benki 40,000, nyingine zinaachwa za kumlipa mleta sukari. Baada ya wiki mbili mwenye duka anafungua kitabu cha benki, anaona 40,000, na nambari hiyo haifanani na mauzo ya siku yoyote. Muuzaji anafukuzwa kwa tuhuma, anaajiriwa mwingine, na utaratibu unabaki ule ule. Hili linaniuma, kwa maana kijana mwaminifu na kijana mwizi wakikaa kwenye droo hiyo, hesabu zao hufanana kabisa. Mwaminifu hana cha kujitetea nacho.

Anzeni kwa kuifunga droo. Tangu duka lifunguliwe hadi hesabu ya jioni, pesa zitoke humo kama chenji ya mteja tu. Gharama ndogo ndogo za mkokoteni, maji na chai ziwe na kisanduku chake, chenye kiasi kisichobadilika, tuseme 3,000. Kila kinachotoka humo kiache vocha iliyosainiwa na aliyepokea. Saa yoyote ukikifungua, noti na vocha zikijumlishwa lazima zifike 3,000. Vocha zikiwa nyingi, mwenye duka anazichukua na kurudisha fedha za kiasi hicho. Na mama akitaka za karo, naye aandikiwe vocha, kwenye kitabu cha mwenye mali, baada ya hesabu ya jioni. Najua hili ni gumu kwa mtu aliyelijenga duka kwa jasho lake. Lakini mwenye duka anayetia mkono drooni mchana ndiye wa kwanza kuiharibu hesabu anayoidai jioni.

Hatua ya pili ndiyo roho ya jambo zima: anayehesabu asijue kiasi kinachotarajiwa. Akishajua kwamba droo inatakiwa kuwa na 53,250, macho yake yatatafuta 53,250. Zikipungua mia mbili, atahesabu tena na tena mpaka zifike, au ataongeza za mfukoni mwake, au ataandika tu nambari inayotakiwa. Zikizidi mia mbili, hatahesabu mara ya pili. Kwa hiyo jumla ya risiti ikae kwa mtu mwingine, au ndani ya mashine ambayo bado haijaulizwa, hadi hesabu ya noti iwe imeandikwa kwa wino.

Na aandike kila aina ya noti na sarafu peke yake. Siku yetu ile ile ya soko, droo ikiwa haikuguswa, karatasi ingesomeka hivi: noti za elfu 31, za mia tano 24, za mia mbili 27, za mia 29, za hamsini 21, sarafu za ishirini 22, za kumi 31, za tano 18. Jumla ni 53,190. Mtu wa pili anahesabu upya kwa mikono yake, si kusimama kando akitikisa kichwa, kisha wote wawili wanasaini. Nambari iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili isomeke, na saini iwekwe kando yake. Karatasi iliyofutwafutwa haithibitishi kitu.

Sasa ndipo jumla ya risiti inapofunguliwa, na hiyo ni hatua ya tatu: kitabu. Zilitarajiwa 53,250, zimehesabiwa 53,190, upungufu ni 60. Andikeni 60. Msizifidie, na siku zikizidi msizigawane. Upungufu wa shilingi sitini kwenye siku ya soko ni chenji iliyokosewa. Duka ambalo mwezi mzima halina hata shilingi ya tofauti ndilo la kuangaliwa kwa makini, maana pengine anayehesabu anaijua jumla kabla ya kuhesabu.

Kuna alama nyingine inayosaidia hapa. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila salio, angalieni kwanza kama tarakimu mbili hazikubadilishana nafasi wakati wa kuandika. Aliyeandika 41,890 badala ya 48,190 atapata tofauti ya 6,300, nayo hugawanyika kwa tisa. Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu, kilinganisheni kitabu na karatasi ya hesabu. Karatasi ikisema 48,190, fedha zipo na kosa ni la kalamu.

Hatua ya nne ni benki. Kwenye zile 53,190 toeni 5,000 za chenji ya kesho. Zilizobaki, 48,190, ziende benki zote, pamoja na sarafu zake. Hapa ndipo wengi hunipinga: mbona nipeleke benki leo pesa ambazo kesho nitazitoa kumlipa mleta sukari? Nawajibu kwamba nambari 48,190 ni ya siku ile moja tu. Inaonekana kwenye karatasi ya hesabu, inaonekana kitabuni, inaonekana kwenye slipu ya benki, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuona kwamba tatu hizo ni moja. Ile 40,000 inaweza kuwa ya siku yoyote. Mleta sukari alipwe kwa benki au kwa simu, abaki na kumbukumbu yake.

Slipu ikirudi, nambari yake iandikwe kwenye mstari wa siku ya mauzo, pamoja na tarehe ya kuweka. Tarehe hizo mbili zichungeni sana. Mwenye kuazima pesa za duka kwa siri hufunika za Jumatatu kwa za Jumanne, na za Jumanne kwa za Jumatano. Nambari zake zinaweza kulingana vizuri, lakini pengo kati ya siku ya kuuza na siku ya kuweka huongezeka: mara siku moja, mara mbili, mara nne. Ndiyo maana napenda wakala wa benki aliye karibu na duka, atoaye risiti hapo hapo, ili pesa zisilale dukani. Ila msipite njia moja saa ile ile kila jioni.

Fedha za simu nazo zina mkondo wake, zisichanganywe na za droo. Namba ya tili iwe ya duka, na mteja asielekezwe kutuma kwa simu ya muuzaji hata mara moja, hata mtandao ukisumbua. Ujumbe anaouonyesha mteja kwenye simu yake usihesabiwe kuwa malipo hadi ujumbe wa tili ufike. Saa ya kufunga hesabu iwe moja kwa droo na kwa tili. Mkifunga saa kumi na mbili na nusu, malipo ya saa moja ni ya kesho. Bila hivyo zile 38,150 hazitalingana na taarifa ya tili hata kama hakuna aliyeiba.

Huku kwetu kuna jambo moja lisiloandikwa katika vitabu vya uhasibu vya mijini, nalo ni bonasi ya chai. Wakulima wanaopeleka majani viwanda kama Kebirigo na Nyansiongo hukopa mwaka mzima, na bonasi ikishalipwa huja kulipa madeni kwa mafungu. Wiki hiyo droo hujaa pesa ambazo si mauzo ya siku. Mzee akilipa deni la 4,500, akatiwe risiti ya deni pale pale, tofauti na risiti ya mauzo, na mstari wake kwenye daftari la madeni ukatwe mbele ya macho yake. Vinginevyo droo itazidi 4,500, na ziada isiyo na jina ni rahisi kuibeba kuliko upungufu kuuficha. Mzee naye atadaiwa tena.

Kulazimisha mpangilio si jambo geni. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton huko Ohio, alipata hataza ya mashine ya kurekodi mauzo kwa kuwa wahudumu wake walikuwa wakimwibia. Mashine za namna hiyo zilizofuata zilikuwa na droo na kengele, na droo ilifunguka pale tu mauzo yalipoingizwa. Muuzaji hakuhitaji kukumbuka lipi linatangulia. Nanyi mnaweza kupata hilo kwa daftari la risiti lenye nambari zilizochapishwa: risiti ikatwe kwanza, chenji itoke baadaye, na nambari iliyorukwa itafutwe jioni ile ile.

Wengi wenu mtasema duka lenu lina mtu mmoja, huyo mtu wa pili wa kuhesabu atatoka wapi? Mwenye duka aliyeko Nyamira mjini na duka lake liko Ikonge anaweza kupanga hivi: muuzaji anahesabu, anamtumia idadi ya kila aina ya noti kwa ujumbe mfupi, na ujumbe ukishafika ndipo anapojumlisha risiti na kutuma jumla yake. Jumbe mbili zenye saa zake, moja ikitangulia nyingine, si sawa na macho mawili, na muuzaji mwenye hila anaweza kujumlisha kimya kimya kabla. Basi mwenye duka afike siku asiyotarajiwa, ahesabu yeye mwenyewe kwanza.

Yapo pia ambayo utaratibu huu hauyakamati. Watu wawili wakipatana, saini zao mbili ni sawa na moja. Na bidhaa iliyouzwa bila risiti haiingii popote katika hatua zote nne. Droo italingana na kitabu, kitabu na benki, na duka litaendelea kupungukiwa. Kwa hilo chagueni bidhaa mbili au tatu zinazotoka sana, kama mifuko ya sukari, mafuta ya kupikia na unga, mzihesabu rafuni kila juma. Mifuko iliyokuwepo, ongeza iliyoletwa, toa iliyo kwenye risiti. Ikiwa hesabu inasema mifuko 14 na stoo ina 11, mitatu hiyo imetoka kwa mlango, na maswali yenu yaelekezwe kwa aliyeshika ufunguo wa stoo na kwa aliyekata risiti, wakiulizwa kila mmoja peke yake.