Mkurugenzi Naye Alipe

Ndugu wafanyakazi, kiwanda kinapofungwa huku tukidai mishahara ya miezi kadhaa, huwa tunaambiwa kwamba deni ni la kampuni, na kampuni imekufa bila mali. Wakurugenzi huondoka na magari yao. Maneno hayo ni kweli nusu tu.

Sheria ya ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986, ambayo Kenya iliifuata kwa sehemu kubwa ilipotunga yake mwaka 2015, inamgusa mkurugenzi mwenyewe. Ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba hakuna tumaini la kweli la kampuni kuepuka kufilisika, naye akaendelea na biashara, mahakama yaweza kumwamuru achangie deni kwa fedha zake. Kushindwa biashara si kosa. Kosa ni kuendelea kukopa, na kufanyisha watu kazi ambayo hataweza kuilipa.

Tazameni shauri la Produce Marketing Consortium, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiagiza matunda, lililoamuliwa mwaka 1989. Wakurugenzi wake wawili walijitetea kwamba hawakuziona hesabu mpaka Januari 1987. Jaji Knox alikataa. Kisheria hesabu hizo zilitakiwa kuwa tayari mwisho wa Julai 1986, na watu hao waliijua biashara yao vizuri hata wakaona mauzo yameshuka mno. Kwa hiyo alihesabu kwamba walijua tangu Julai. Walisema pia waliendelea ili wauze matunda yaliyokuwa kwenye ghala la baridi. Jaji akaona hawakuishia kwenye matunda hayo. Kampuni iliingia kwenye ufilisi Oktoba 1987, nao wakaamriwa kulipa pauni 75,000.

Funzo kubwa kwetu ni hilo la hesabu: bwana mkubwa hawezi kufumba macho kisha akasema hakuona.

Lakini sheria hii ina udhaifu, na mimi nauona ni mkubwa. Mfanyakazi hawezi kufungua shauri hilo mwenyewe. Anayefungua ni mfilisi. Fedha zikipatikana zinaingia kwenye fungu la wadai wote, si mkononi mwa aliyelalamika. Na mfilisi aliyekuta sanduku tupu huogopa gharama za mawakili, akaacha.

Ndiyo maana chama kisingoje. Mfilisi anahitaji tarehe: mshahara ulianza kuchelewa lini, makato ya akiba ya uzeeni yalikatwa lakini hayakupelekwa mwezi gani, mwenye malighafi alikataa lini kuleta mzigo bila fedha taslimu. Mambo hayo karani wa stoo na mwakilishi wa wafanyakazi huyaona mapema. Wekeni hati za mishahara na barua za menejimenti, muandike kila tarehe, na barua ya chama imfikie mfilisi wiki ile ile anapoteuliwa, kabla vitabu vya kampuni havijatoweka.