Makombe manne kwenye CV, lakini watoto walilala wapi?

Wazazi wa kartie na ninyi mnaoishi kwenye kambi za wakimbizi wa vita hapa Bunia, wiki hii karatasi moja imepita mikononi mwangu. Ni CV ya antrenere wa mpira anayeomba kazi ya kufundisha watoto wa miaka 10 hadi 15 kambini. Shirika linalotoa mipira na mayo limekwisha kumkubali. Jina lake sitaji wala la shirika, kwa sababu hakuna anayemshitaki kwa lolote. Ninayeshitaki ni yule aliyeisoma karatasi ile na kusema: sawa, aanze Jumatatu.

Tuisome pamoja. Mstari wa kwanza: makombe manne. Wa pili: «Leseni ya CAF.» Wa tatu: amefundisha watoto zaidi ya 100. Wa nne: mwaka 2023 alipeleka vijana 12 Kampala kwa majaribio. Chini kabisa, kwa maneno madogo: «Formasyo ya ulinzi wa watoto.» Basi. Hakuna tarehe, hakuna aliyeitoa, hakuna namba ya simu ya mtu yeyote anayeweza kuthibitisha.

Nianze na leseni. Leseni za CAF zina ngazi: D, C, B, A, na juu kabisa Pro. D ni ya mtu anayeanza, Pro ni ya wale wa timu kubwa. Kuandika «leseni ya CAF» bila herufi ni sawa na kusema «nimesoma» bila kusema kama ni la sita ya msingi au chuo kikuu. Leseni hiyo hupitia kwa shirikisho la nchi, kwetu FECOFA, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwenye antante au ligi na kuuliza: huyu alifuata masomo gani, mwaka gani? Inachukua asubuhi moja. Tena hata ngazi A haisemi chochote juu ya namna mtu anavyoishi na mtoto nje ya kiwanja.

Makombe nayo. Kombe la watoto wa chini ya miaka 13 linachukuliwa kirahisi ukipanga vijana wa 16. Sote tumewaona, wenye ndevu. Antrenere wa watoto anayejisifu kwa makombe peke yake ananiambia anachokipenda. Mimi ningetaka kujua wangapi kati ya wale 100 walibaki masomoni, wangapi waliacha timu katikati ya mwaka, na waliacha kwa nini. Watoto wanaoondoka kimyakimya mmoja baada ya mwingine, bila muzazi kuelezwa sababu, ni dalili ya kuulizwa kabla ya kombe lolote.

Kuna watakaosema ninatafuta ubaya mahali hakuna. Basi sikilizeni habari ya Uingereza. Barry Bennell alikuwa antrenere wa vijana na mtafutaji wa vipaji. Karatasi yake ilikuwa nzuri: alijua mpira, alipitisha vijana kwenye klabu zenye jina, wazazi walifurahi mtoto wao kuchaguliwa naye. Watoto walilala nyumbani kwake na kusafiri naye. Mwaka 2018 mahakama ilimhukumu miaka zaidi ya 30 kwa kuwatendea wavulana uovu wa ngono. Na huko kuna polisi, magazeti na kompyuta. Karibu na sisi, Gabon, mwezi wa Desemba 2021, aliyekuwa antrenere wa timu ya taifa ya chini ya miaka 17 alikamatwa kwa mashitaka ya namna hiyo. Huyu naye alikuwa na matokeo ya kuandika kwenye CV.

Sasa mstari wa Kampala, ambao ndio ulioninyima usingizi. Vijana 12, mtu mzima mmoja, mpaka kuvukwa. Walilala wapi? Mtu mzima wa pili alikuwa nani? Wazazi walitia saini karatasi gani? Wote 12 walirudi? Kanuni ya FIFA inakataza klabu kumsajili mchezaji wa kutoka nchi nyingine kabla hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Na sheria yetu ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo antrenere anayemwambia mama wa kambini kwamba klabu ya nje inamngojea kijana wake wa miaka 14, na atoe dola 50 za safari, anauza kitu ambacho hakipo. Kwenye CV ya shirika safari hiyo imeandikwa kama ushindi!

Tuje kwenye yale maneno madogo ya chini. «Formasyo ya ulinzi wa watoto» inaweza kuwa nusu siku chini ya hema, soda na picha ya pamoja. Mtu aliyefundishwa kweli utamjua kwa kumwuliza maswali ya kawaida. Mtoto akikuambia kwamba mtu fulani anamgusa, utafanya nini saa ile ile? Anayejua atakuambia: nitamsikiliza, sitamwahidi siri, sitaanza uchunguzi wangu, nitapeleka habari kwa mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo. Asiyejua atasema: nitawaita wazee tupatanishe. Swali la pili: unawasiliana vipi na wachezaji? Anayejua anaandika kwenye kundi la Watsap ambamo wazazi wamo, si kwa mtoto peke yake usiku. La tatu: mtoto akiumia paja, nani anamkanda, na mlango uko wazi au umefungwa?

Kisingizio cha kukosa makuta sikikubali. FIFA ina masomo yake kwenye mtandao, FIFA Guardians, yapo kwa Kifaransa na ni ya bure. Gharama ni mega za intaneti na simu ya kuazima.

Ila kuna neno moja ambalo ni la haki. Antrenere mwingine ni mkimbizi kama ninyi. Alitoka Djugu au Irumu usiku, diplome zikaungua na nyumba. Huyo tusimfukuze. Aandike wazi: karatasi zimepotea, nilifundisha masomo fulani, mkubwa wangu alikuwa fulani. Kisha wapigiwe simu watu wawili waliofanya naye kazi, mmoja awe muzazi wa mchezaji wa zamani, na waulizwe bila kuzunguka: ungemwachia mtoto wako tena? Usikilize kile kimya kabla ya jibu. Kinasema kuliko kazie ya mahakama, maana kazie inaonyesha tu aliyehukumiwa, na huku kwetu mambo ya watoto mengi yanaishia kwa mbuzi mmoja na kupeana mikono.

Nilipouliza shirika kwa nini hawakumwuliza antrenere lolote kati ya haya, mtu wa ofisi alinijibu kwamba fomu yao haina nafasi. Nimeiona hiyo fomu. Ina nafasi ya saizi ya mayo, ya namba ya viatu, ya idadi ya mipira iliyopokelewa na saini mbili za aliyehesabu mipira. Kwa watoto 60 watakaokuwa naye kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saini inayotakiwa ni moja, ya antrenere mwenyewe.