Kikombe cha mtungini na mtoto mwenye mafindofindo

Kikombe kimoja cha mtungini kinachotumiwa na nyumba nzima kinastahili kuangaliwa mtoto akiwa na mafindofindo. Bakteria wa streptokoka wanaoleta mafindofindo hupita kwa mate na kwa chafya, kwa hiyo mtoto mgonjwa apewe kikombe na kijiko chake mpaka amalize siku ya kwanza ya dawa. Vyombo hivyo vikioshwa kwa sabuni na maji ya moto vinatosha, havihitaji kutupwa. Mswaki wake usimame peke yake, brashi isiguse ya wenzake.

Kuhusu shule, tuseme ameanza amoksilini Jumatatu saa mbili usiku. Jumanne abaki nyumbani. Jumatano asubuhi zaidi ya saa 24 zimepita. Kama homa imeshuka bila panado na anakula, aende. Asipopewa antibiotiki anaweza kuendelea kuambukiza kwa wiki kadhaa, hata koo likiwa limeacha kuuma.

Wadogo zake waangaliwe siku mbili hadi tano. Mmoja wao akipata homa ya ghafla na koo linalouma bila mafua wala kikohozi, mpeleke akapimwe. Tafadhali, mama zangu, msimgawie dawa ya mwenzake! Dozi kwa kawaida ni siku 10, na huyu wa kwanza ataonekana mzima siku ya tatu. Zile siku zilizobaki ndizo zinazomkinga na homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo.